Saa ya Kumaliza Kupuliza

Karatasi ya upuliziaji katika shamba la biashara huwa na safu nyingi: tarehe, namba ya kitalu, zao, ugonjwa au mdudu, jina la dawa na kiambato chake hai, kipimo, maji yaliyotumika, jina la mpulizaji, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, saa ya kuruhusu watu kuingia, na tarehe ya kuvuna. Mkaguzi wa cheti cha GLOBALG.A.P. atazisoma zote. Mama anayekwenda kupogolea nyanya asubuhi hana haja na nyingi kati ya hizo. Kwake yeye jambo ni moja: kupuliza kulikwisha saa ngapi?

Tuchukue mfano wa kitalu namba 7, nusu hekta ya nyanya za kufungwa kwenye miti, mvua za Machi zimeanza na bakajani chelewa limeonekana kwenye majani ya chini. Dawa iliyochaguliwa ni mankozebu ya unga ya asilimia 80. Tuseme lebo yake inataja kilo 2 kwa hekta, saa 24 za kutoingia shambani, na siku 7 za kusubiri kabla ya kuvuna. Jumanne, tarehe 3 Machi 2026, wapulizaji wanangoja majani yakauke baada ya mvua ya asubuhi, wanaanza 13:20 na kumaliza 16:10.

Saa 24 huhesabiwa tangu kumaliza. Mistari ya mwisho ndiyo yenye dawa mbichi kuliko mingine, na anayehesabu tangu kuanza amewaingiza watu karibu saa tatu kabla ya wakati. Kwa hiyo ruhusa ya kuingia kitalu namba 7 ni Jumatano saa 16:10, na kwa kuwa saa hizo watu wanajiandaa kwenda nyumbani, msimamizi mwenye akili ataifuta kazi yote ya Jumatano na kuwapangia wapogoaji kitalu kingine. Kama bombani mlichanganywa dawa mbili, moja ya saa 12 na nyingine ya saa 24, inayofuatwa ni ile ndefu.

Hapa kwetu kuna mtego ambao fomu zilizoletwa kutoka nje hazikuufikiria. Karani aliyezoea saa ya kompyuta ataandika 4:10 akiwa na maana ya alasiri. Nyapara ataisoma saa nne na dakika kumi asubuhi, kama tunavyosema sote, naye atafungua kitalu saa sita kabla ya muda. Dawa yake ni nyepesi: karatasini na kwenye kibao iandikwe 16:10, kwa mfumo wa saa 24 peke yake, na tarehe ikae pembeni yake. Mimi ningefuta kabisa fomu yoyote yenye nafasi ya kuandika saa bila kueleza ni saa ipi.

Kwa nini kungoja, na dawa imeshakauka? Kwa sababu kukauka si kutoweka. Masalia yamebaki juu ya jani, na umande wa alfajiri au jasho la mkono huyalowesha tena. Dawa nyingi humwingia mfanyakazi wa shambani kupitia ngozi. Anayepita njiani hagusi kitu, lakini mpogoaji hushika jani baada ya jani, mikono imezama hadi viwiko, kutwa nzima. Mankozebu haimwangushi mtu papo hapo. Huwasha ngozi na macho, na ikizidi kwa muda mrefu huvuruga tezi ya shingo. Ndiyo maana watu huidharau. Anayesahaulika zaidi ni kijana wa kumwagilia, anayeingia kuhamisha mipira bila kumuuliza mtu, maana kazi yake haipo kwenye ratiba ya wapogoaji. Kibao chekundu kiwekwe kila mlango wa kitalu, pamoja na ule wa upande wa maji.

Zile siku 7 ni hesabu nyingine. Saa 24 zinamlinda anayegusa mmea. Siku 7 zinamlinda anayekula nyanya. Kitalu hiki kinaweza kupogolewa Alhamisi, lakini kisivunwe kabla ya Jumanne tarehe 10. Wakenya wanaujua uzito wa jambo hili: mwanzoni mwa 2013 Umoja wa Ulaya ulianza kupima asilimia 10 ya shehena za maharagwe machanga na njegere za maganda kutoka Kenya, baada ya masalia ya dimethoeti kukutwa juu ya kiwango.

Sasa kipimo. Lebo inasema kilo 2 kwa hekta, lakini mpulizaji hapimi kwa hekta, anapima kwa bomba la lita 20. Katikati ya vipimo hivyo viwili kuna mwendo wa miguu yake. Hupimwa hivi: jaza maji matupu, pulizia eneo la mita 10 kwa 10 kwa mwendo wa kawaida, kisha angalia yametumika kiasi gani. Zikiwa lita 5, nusu hekta itahitaji lita 250, yaani mabomba 12 na nusu. Kilo 1 ya dawa ikigawanywa humo, kila bomba linapata gramu 80.

Lakini nozeli huchakaa, tundu likapanuka. Mtu yuleyule, kwa mwendo uleule, anaanza kutumia lita 7 pale palipokuwa na lita 5. Bado anaweka gramu 80 kila bomba, akiamini kabisa kwamba hajakosea. Kitalu kitamaliza lita 350, mabomba 17 na nusu, na dawa kilo 1 na gramu 400. Jani limepata dozi iliyozidi kwa asilimia 40, na zile saa 24 na siku 7 za lebo haziwezi kuaminika tena, kwa kuwa ziliwekwa kwa kipimo cha lebo.

Kosa hili halionekani shambani. Linaonekana pale daftari la stoo linapowekwa kando ya karatasi ya upuliziaji. Stoo imetoa kilo 1 na gramu 400, karatasi inadai kilo 1: ama nozeli imechoka, ama kuna dawa imekwenda nyumbani kwa mtu. Yote mawili yanahitaji kujulikana siku hiyohiyo. Karatasi iliyojazwa Ijumaa kwa kumbukumbu za wiki nzima hujulikana kwa usafi wake, kalamu moja, mwandiko mmoja, na kipimo kinacholingana kila siku hadi gramu ya mwisho.

Hatari kubwa kwa mpulizaji mwenyewe iko kwenye kuchanganya, kabla maji hayajaipunguza dawa nguvu. Avae glavu za naitrili, miwani ya kukinga macho, barakoa yenye kichujio kinachotajwa na lebo, na buti za mpira huku suruali ikiangukia nje ya buti, la sivyo kinachomwagika kitateremka hadi nyayoni. Bomba linalovuja mgongoni lisitumike hata kwa kitalu kimoja cha mwisho. Ovaroli ifuliwe shambani, isipelekwe kwenye beseni la nguo za watoto.

Na mtu akilalamika kichwa, kichefuchefu au macho kuwaka baada ya kazi, atolewe shambani, avuliwe nguo hizo, aoshwe kwa sabuni na maji mengi, kisha apelekwe hospitali akiwa na lebo na nakala ya karatasi ya siku ile. Daktari hawezi kutibu "dawa ya nyanya". Anahitaji jina la kiambato, kiasi kilichotumika, na saa ya kumaliza kupuliza.