Kabla ya Kuilaumu Kampuni, Pima Kando ya Ruta

Intaneti ya nyumbani inapokokota au kukatika ovyo, wengi huilaumu kampuni au hununua kifurushi kikubwa zaidi. Mara nyingi fedha hiyo hupotea bure, kwa kuwa intaneti imefika nyumbani na kasi yake yote, ila inapotea kati ya ruta na simu.

Kujua kasoro iko wapi, pima mara mbili. Waombe walio nyumbani waache kutumia intaneti kidogo. Zima data ya simu ibaki waifai pekee, simama mita moja au mbili kutoka kwenye ruta, kisha fungua fast.com. Utaona kasi kwa megabiti kwa sekunde. Rudia kipimo mahali panapokusumbua.

Tuseme umelipia megabiti 20. Kando ya ruta sebuleni unapata 19, chumba cha nyuma 3. Hapo kampuni haina kosa. Lakini ukipata 4 hata kando ya ruta, unganisha kompyuta kwa waya wa mtandao na upime tena. Ikibaki 4, piga simu kwa kampuni na uwatajie vipimo hivyo.

Turudi kwenye chumba cha nyuma. Fundi huweka ruta pale waya wa faiba ulipoingilia, aghalabu pembeni nyuma ya televisheni. Mawimbi husambaa pande zote, hivyo sehemu kubwa huishia nje ya ukuta. Yanayoelekea vyumbani hukutana na kuta za zege, nondo, friji au kioo kikubwa, na kila kimoja huyapunguza. Ihamishie ruta karibu na katikati ya nyumba, mathalani koridoni, juu ya rafu, mahali pa wazi. Usiukunje waya wa faiba, kwani ndani yake mna uzi wa kioo. Taa ya LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki kwenye kifaa; hapo mwite fundi. Pima tena kabla ya kutoboa ukuta.

Ruta nyingi hutoa mitandao miwili. Wa 5 GHz una kasi zaidi lakini huchoka upesi kwenye kuta, wa 2.4 GHz hufika mbali, ila huvurugwa na ruta za majirani na hata maikrowevu inapowaka. Sebuleni tumia wa kwanza, chumba cha mbali jaribu wa pili.

Zikibaki kuta mbili tatu za zege katikati, huenda kuhamisha ruta kusitoshe. Hapo vuta waya wa mtandao hadi chumbani na ufunge ruta ya pili. Vifaa vinavyodaka waifai na kuirusha tena bila waya ni rahisi kufunga, lakini vingi hupunguza kasi karibu nusu. Usilipie kifurushi kikubwa kabla hujapima kando ya ruta.