Kushuka Kitonga kwa Nyutro

Kushuka mlima gari likiwa nyutro ni tabia ya madereva wengi wa zamani, na wanaoishika huamini wanaokoa mafuta. Kijana mmoja wa Iringa, aliyekuwa akisomea udereva, aliigundua akiwa ameketi kando ya mjomba wake. Canter ilikuwa imepakia nyanya za Ilula kwenda Morogoro. Walipofika kilele cha Kitonga, mjomba aliitoa gia, akaiacha gari iteremke yenyewe, mguu ukibaki juu ya breki. Juzi tu kijana alikuwa amefundishwa kinyume chake: mteremko mkali hushukwa kwa gia ndogo.

"Mjomba, gari liko nyutro," alisema.

"Injini ipumzike, mjomba. Njia hii naijua."

Kuijua njia hakupunguzi joto. Gari likiwa ndani ya gia ndogo, magurudumu huizungusha injini, nayo hulizuia gari. Likiwa nyutro, kazi yote huangukia breki. Canter yenye uzito wa tani 7 ikishuka mita 100 za kwenda chini hutoa nishati inayotosha kuchemsha takriban ndoo ya lita 20 ya maji baridi, na Kitonga ni mrefu kuliko hapo. Joto hilo likijaa, breki shuu hupoteza mshiko, ngoma hutanuka na kuziacha mbali, na mafuta ya breki yaliyozeeka, yaliyonyonya unyevu, yanaweza kuchemka. Mapovu yakiingia kwenye bomba, pedeli huzama bila gari kupungua mwendo.

Dalili hutangulia. Kabla ya kona ya tatu kijana alinusa harufu ya kitu kinachoungua, kisha akaona mguu wa mjomba unazama zaidi ya mwanzo. Hapo mjomba mwenyewe alinyamaza. Alipampu pedeli kwa haraka, akaingiza gia ya tatu, na mwendo ulipopungua kidogo akashuka ya pili. Injini ilinguruma, gari likatii. Alikuwa na bahati: kwenye mwendo mkubwa, gia ndogo mara nyingi hukataa kuingia, na ndiyo sababu huwekwa kilimani juu, kabla mteremko haujaanza.

Walipofika Mahenge waliegesha wakasubiri. Mjomba alitaka kumwagia ngoma maji, kijana akamzuia, kwa kuwa chuma chenye moto kikimwagiwa maji ghafla kinaweza kupasuka. Hupoa chenyewe kwa upepo.

Hoja ya kuokoa mafuta nayo haisimami kwenye injini nyingi za kisasa. Gari likishuka ndani ya gia, mguu ukiwa nje ya akselereta, mfumo hukata mafuta. Likiwa nyutro, injini huendelea kuyachoma ili isizime. Mjomba alikuwa akilipia hatari hiyo kwa mafuta yake mwenyewe.