Ngazi ya Zege Inakula Mifuko Mingapi ya Saruji?

Kuta za ghorofa zinapimika kwa urahisi, na slabu ya sakafu ni urefu mara upana mara unene. Ngazi ndiyo inayowasumbua wengi, kwa sababu imelala mshazari na juu yake ina vipandio. Fundi akiulizwa mifuko mingapi, mara nyingi hujibu kwa makisio. Kumbe hesabu yake ni nyepesi ukiigawa ngazi vipande vitatu: slabu ya mshazari inayobeba kila kitu, vipandio vilivyokaa juu yake, na pumziko, yaani ile sakafu ndogo ya katikati ambapo ngazi hugeuka.

Tuchukue nyumba ambayo kutoka sakafu ya chini hadi ya juu ni mita 3. Ngazi yake ina mikono miwili, kila mkono ukiwa na vimo 10 vya sentimita 15. Kimo cha kumi ndicho kinachokufikisha kwenye pumziko au sakafu ya juu, kwa hiyo mahali pa kukanyaga kwenye kila mkono ni 9, na kila pamoja pana sentimita 30. Upana wa ngazi ni mita 1.2, na unene wa slabu ya mshazari ni sentimita 15.

Anza na slabu. Urefu wake haupimwi chini sakafuni bali kwa kufuata mshazari. Kona moja ya kipandio hadi kona inayofuata ni sentimita 33.5, fundi anaweza kuupata umbali huo kwa futi kamba, bila hesabu ya kipeo. Mara 9, unapata mita 3.02. Zidisha kwa upana wa 1.2 na unene wa 0.15, utapata mita za ujazo 0.543 kwa mkono mmoja, au takriban 1.09 kwa yote miwili. Anayetumia urefu wa sakafuni, mita 2.7, atapungukiwa na karibu mfuko mzima wa saruji.

Vipandio navyo havina umbo la sanduku. Ukivitazama kwa ubavu kila kimoja ni pembetatu, kwa hiyo ujazo wake ni nusu ya 0.3 mara 0.15 mara 1.2, sawa na 0.027. Vipandio 18 vinatoa 0.486. Anayesahau hiyo nusu atanunua takriban mifuko minne asiyoihitaji.

Pumziko lina urefu wa mita 2.5, upana wa 1.2 na unene wa 0.15, yaani 0.45. Jumla ya zege ni karibu mita za ujazo 2.02, mbali na boriti inayobeba ngazi, ambayo hupigiwa hesabu yake.

Hiyo ni zege iliyokwisha kushindiliwa. Saruji, mchanga na kokoto zikiwa kavu huchukua nafasi kubwa zaidi, kwani zikichanganywa mchanga huingia kwenye mianya ya kokoto na saruji kwenye mianya ya mchanga. Ndiyo maana mafundi huzidisha kwa 1.54, na hapa tunapata 3.11. Kwa mchanganyiko wa 1:1.5:3 tunagawanya kwa 5.5, jumla ya sehemu hizo. Sehemu moja ya saruji ni 0.566, na kwa kuwa mita moja ya ujazo ya saruji ina uzito wa kilo 1,440 hivi, tunahitaji kilo 814, yaani mifuko 16.3 ya kilo 50. Ongeza asilimia 5 ya kumwagika na kupotea, ununue mifuko 18. Mchanga utakuwa mita za ujazo 0.85 na kokoto 1.7, kabla ya kuongeza za kupotea.

Kabla ya kumwaga, kagua unene kwenye fomu. Sentimita 15 hupimwa kwa kuweka rula pembemraba na mbao za mshazari. Fundi akiisimamisha rula wima hadi kona ya ndani ya kipandio, anatakiwa kusoma karibu sentimita 17. Akisoma 15 akaridhika, slabu yake kwa kweli ina 13.4 tu, na nondo hazitakaa zilivyochorwa na mhandisi.

Jioni hesabu mifuko mitupu. Ikiwa kazi imekwisha kwa mifuko 13, huo ndio ulaji wa mchanganyiko dhaifu zaidi wa 1:2:4, au slabu imepunjwa unene. Ikiwa imepita 20, huenda fomu imebonyea kwa uzito. Saruji yote iwepo kabla ya kuanza, maana ikiisha mkono ukiwa nusu, zege ya kesho haishikani vema na iliyokwisha kukauka, na ngazi itabaki na kiungo dhaifu mahali ambapo hakikupangwa.