Wateja Wanajaa Lakini Doo Haionekani? Cheki Hesabu Inayochoma Watu wa Waifai Mtaani

Kuna biashara moja imeshika mitaa yetu vibaya sana: waifai ya ploti. Msee ananunua intaneti ya jumla kwa kampuni kubwa, anavuta waya hadi kwa keja za watu, kisha kila mwisho wa mwezi anangoja M-Pesa ilie. Ukimwangalia unaona ameomoka. Lakini ukikaa naye chini na kalamu, wakati mwingine unapata jamaa anakopa ndio alipe kodi ya ofisi.

Shida huwa iko kwa namba mbili. Ya kwanza inaitwa LTV, yaani faida yote ambayo mteja mmoja atakuachia tangu aanze kulipa hadi siku atakayohepa. Ya pili ni CAC, yaani pesa uliyotumia kumpata huyo mteja. Ukigawa ya kwanza kwa ya pili, unapata uwiano unaokuonyesha kama unajenga ama unachimba shimo.

Tuseme kuna kijana ako na waifai pale Kahawa Wendani, karibu na Chuo Kikuu cha Kenyatta. Namba zake ni za mfano tu, lakini msee yeyote wa hii kazi atazitambua. Ako na wateja 200, kila mmoja analipa 1,500 kwa mwezi. Kila mwezi anapata wapya 40, na 16 wanahama. Yeye anajiona yuko mbele kwa watu 24, kwa hivyo anapiga kifua.

Wateja 16 kwa 200 ni asilimia 8. Ukigawa 1 kwa 0.08 unapata 12.5, kumaanisha mteja wa kawaida anakaa naye miezi 12 na nusu hivi. Jamaa akachukua 1,500 akazidisha mara 12.5, akapata 18,750. Hiyo ndiyo akaita LTV. Halafu kwa upande wa CAC akahesabu matangazo ya Facebook na mabango, 10,000, na kamisheni ya maajenti, 500 kwa kila mteja, jumla 20,000. Ukigawa hiyo 30,000 kwa wateja 40 unapata 750 kwa kila kichwa. Kwa hivyo 18,750 kwa 750, uwiano ni 25 kwa 1! Manze, hata kampuni kubwa za ng'ambo hazioni kitu kama hiyo. Na hapo ndipo angefaa kushtuka.

Kosa la kwanza: ile 1,500 si yake. Akishalipa intaneti ya jumla, fundi wa kurekebisha waya, ada za M-Pesa na ushuru, 900 imeenda. Anabaki na 600. LTV inahesabiwa na hiyo 600, kwa sababu ndiyo pekee inayoweza kurudisha gharama ya kumpata mteja. Mara 12.5, inakuwa 7,500.

Kama unadhani hii ni mambo madogo, uliza kuhusu MoviePass kule Marekani. Agosti 2017 walishusha bei hadi dola 9.95 kwa mwezi, na kwa hiyo doo mtu angeweza kwenda sinema kila siku, huku kampuni ikilipia tiketi bei kamili. Miji kama New York, tiketi moja tu ilikuwa inapita hiyo bei ya mwezi mzima. Walipata wateja zaidi ya milioni 3, na kila aliyependa filamu sana alikuwa anawaumiza zaidi. Septemba 2019 wakafunga.

Kosa la pili: kumpata mteja si bango na ajenti peke yake. Huyu jamaa wetu alikuwa anapeana ruta bure, na moja inamgharimu 1,500. Waya na fundi wa kuunganisha, 600. Mwezi wa kwanza bure, ambao yeye anaugharamia ile 900. Ukiweka hizo zote kwa wateja 40 na uongeze ile 30,000, inafika 150,000. Kwa hivyo CAC yake ya ukweli ni 3,750. Gawa 7,500 kwa 3,750. Ni 2 kwa 1. Ile 25 ilikuwa ndoto.

Sasa, 2 ni mbaya? Wawekezaji wa biashara za kulipia kila mwezi wamezoea kusema LTV iwe angalau mara 3 ya CAC, na pesa uliyotumia irudi ndani ya miezi 12. David Skok, mwekezaji wa Marekani, ni mmoja wa waliofanya hiyo namba ijulikane. Hakuna sheria ya mbinguni hapo, ni kipimo cha mkono tu. Sababu ni kwamba LTV haijatoa kodi ya ofisi, mishahara wala riba ya loni. Pia ile miezi 12.5 ni makadirio, na makadirio hukosea. Ukiwa na 3, ukikosea kidogo bado unapumua. Ukiwa na 1, kila mteja anarudisha tu kile ulichomtumia. Na ukipata 7 ama 8 na hesabu iko sawa, pengine umeogopa kutumia doo na mwingine anakuja kukunyang'anya mtaa.

Lakini kwa hasola asiye na mwekezaji, mimi naona kipimo cha muda kinauma kuliko uwiano. Huyu jamaa anatoa 3,750 leo na kuirudisha 600 kwa 600, kwa hivyo ni zaidi ya miezi 6. Kwa kuhama kwa asilimia 8 kila mwezi, kati ya wateja 100, karibu 40 watakuwa wameenda kabla hiyo miezi iishe. Cheki pia mfuko wake: wateja 200 wanamwachia 120,000 kwa mwezi, na anatumia 150,000 kutafuta wapya. Anapungukiwa na 30,000 kila mwezi kabla hata ya kulipa kodi. Ndio maana doo haionekani.

Kitu kingine, ile asilimia 8 inaficha watu wa aina mbili. Familia zinakaa. Wanafunzi wanaingia semesta ikianza, wanakula mwezi wa bure, chuo kikifungwa wanahepa, wengine na ruta kwa begi. Ukiwagawa kwa vikundi, kila kikundi na mwezi kilioingia, utaona nani anakuacha mapema na ni ajenti gani alimleta. Ajenti anayelipwa 500 siku ya kuunganisha hana haja na mwezi wa pili.

Tuseme basi jamaa anaondoa mwezi wa bure, analipa ajenti mteja akishalipa mara ya tatu, na anahakikisha ruta inarudishwa ili impe mwingine. Wateja wapya wanashuka kutoka 40 hadi 30, na hiyo itamuuma roho. Lakini wanaohama wanashuka hadi asilimia 5, kwa hivyo mteja anakaa miezi 20 na LTV inakuwa 12,000. Hata tukihesabu ruta zote ni mpya, anatumia 88,000 kwa mwezi, yaani kama 2,930 kwa kila kichwa. Uwiano umepita 4 kidogo, na pesa inarudi ndani ya miezi 5. Kutoka kwa ile 120,000 anabaki na 32,000 ya kulipa kodi, na hajaongeza bei hata shilingi moja.