Ni, ndi na niko: jinsi mtu anavyounganishwa na sifa yake bila kitenzi

Katika mpaka wa Petite Barrière, unaotenganisha Gisenyi na Goma, mwalimu anaweza kujitambulisha kwa namna tatu. Kwa Kiswahili sanifu husema "Mimi ni mwalimu". Kwa Kinyarwanda husema "Ndi umwarimu". Katika Kiswahili cha Goma husikika pia "Niko mwalimu". Maana ni moja, lakini kiungo cha kila sentensi ni cha aina yake.

"Ni" ya Kiswahili si kitenzi. Kitenzi hubadilika kwa nafsi na wakati: nasoma, unasoma, tulisoma. "Ni" haibadiliki: mimi ni, wewe ni, sisi ni. Tena yaweza kuachwa, na "Mimi mwalimu" ikaeleweka. Wakati uliopita ndipo kitenzi "kuwa" huitwa: "Nilikuwa mwalimu".

Kiarabu hufuata njia hiyo hiyo. "Ana muallim" ni maneno mawili tu, "mimi" na "mwalimu", bila kiungo chochote. Kitenzi hujitokeza katika wakati uliopita: "Kuntu mualliman".

Kinyarwanda hutumia shina "-ri", ambalo hupokea nafsi: ndi, uri, turi. Hicho ni kitenzi, ingawa ni pungufu. Wakati uliopita kinacho, "nari umwarimu", lakini wakati ujao hukiachia nafasi kitenzi "kuba": "nzaba umwarimu".

Hapo ndipo palipo mtego. Kinyarwanda nacho kina "ni", ila "Ni umwarimu" humhusu mtu mwingine: yeye ni mwalimu. Kwa hiyo msemaji wa Kiswahili akiulizwa kazi yake, akajibu kwa ufupi "Ni mwalimu", msikilizaji aliyezoea Kinyarwanda anaweza kudhani anatajiwa mtu wa tatu. Kuanza na "mimi" huondoa shaka hiyo.

"Niko" nayo haina kitenzi ndani yake. Ni kiambishi cha nafsi "ni-" kilichoungana na "-ko" ya mahali. Katika Kiswahili sanifu kazi yake ya kwanza ni kuonyesha mtu alipo: "Niko Goma". Hata hivyo, Kiswahili sanifu chenyewe husema "niko tayari" na "yuko salama", ambapo hakuna mahali panapotajwa, bali hali. Wasemaji wa Goma wamesogea hatua moja zaidi, kutoka hali ya mtu hadi kile alicho.

Kwa sababu hiyo, "Niko mwalimu" ikiandikwa katika mtihani wa Kiswahili sanifu huhesabiwa kosa, na ni haki ihesabiwe hivyo, kwa kuwa mtihani hupima kanuni za usanifu. Lakini anayeisikia mpakani na kumwona msemaji kuwa hajui lugha huwa amekosea: sentensi hiyo ina kanuni yake, na wasemaji wa Goma huifuata bila kubahatisha.