Nunua Ndoo, Usinunue Mti

Mvua za mwanzo zinaponyesha Mpanda, miembe ya uani kule Makanyagio na Nsemulwa huwa imeelemewa, na wachuuzi huanza kubisha hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nipe elfu sitini, mti wote wako."

Mchuuzi anatazama juu, anaona dodo zimejaa, anatoa fedha. Hapo ndipo wengi wanapoumia, kwa sababu ubovu wa embe hauonekani ukiwa chini ya mti.

Mharibifu mkubwa ni nzi wa matunda mwenye asili ya Asia, aliyegunduliwa Afrika Mashariki mwaka 2003. Jike hutoboa ganda la embe linaloelekea kukomaa na kutaga mayai ndani. Funza huanza kula nyama huku ganda likiwa bado la kijani na gumu. Embe linachumwa likionekana zima, kisha linaozea sokoni.

Kwa hiyo, kabla ya kutaja bei, omba kuchuma maembe 10 kutoka pande mbalimbali za mti. Tafuta tundu dogo kama la sindano, mara nyingi lenye tone la utomvu. Pasua pia yaliyoanguka: yakiwa na funza, ujue nzi wamekwisha kuuvamia mti huo.

Sasa tupige hesabu ya mfano. Umelipa shilingi 60,000 ukitarajia ndoo 30 za lita 20, yaani 2,000 kwa ndoo. Ndoo 12 zikiharibika, umebaki na 18, na kila moja imekugharimu zaidi ya 3,300 kabla hujamlipa mpandaji. Lakini mkipatana 2,500 kwa kila ndoo ya maembe mazima, mkayachambua pamoja palepale uani, utalipa 45,000 kwa ndoo hizo 18. Zikitoka zote 30 zikiwa nzima, mama atapata 75,000. Mti mzuri unamlipa yeye zaidi, na mti mbovu haukufilisi wewe.

Mapatano haya yanadai uchumaji wa makini. Chagua maembe ambayo mabega yamejaa na kupanda juu ya kikonyo. Machanga hunyauka badala ya kuiva. Usitikise tawi. Kata ukiacha kipande cha kikonyo, kwa kuwa kikivunjika shinani utomvu huruka na kuunguza ganda, likabaki na michirizi myeusi ambayo mteja huikataa.

Mwisho, kubalianeni nani ataokota yaliyoanguka. Funza hutoka kwenye embe bovu, huingia ardhini, na huibuka akiwa nzi. Yafukieni shimoni, kina cha nusu mita au zaidi, kila baada ya siku mbili tatu. Zungumza na majirani wa pande zote wafanye vivyo hivyo, maana nzi aliyezaliwa chini ya mwembe wa huyu hutaga kwenye mwembe wa yule, na wewe unachuma kote kuwili.