Urefu wa Baba, Urefu wa Mama, na Sentimita Ishirini Katikati

Mtoto hajaacha hata kunyonya, ndugu wameshaanza kukisia: huyu miguu mirefu, atakuwa kama babu yake, yule kafuata upande wa mama. Madaktari wa watoto nao wana namna yao ya kukisia, na haihitaji mashine. Jumlisha urefu wa baba na wa mama kwa sentimita. Mtoto akiwa wa kiume ongeza 13, akiwa wa kike toa 13. Kisha gawanya kwa mbili.

Mvulana: (baba + mama + 13) ÷ 2

Msichana: (baba + mama − 13) ÷ 2

Hiyo 13 ni tofauti ya wastani kati ya urefu wa wanaume na wanawake watu wazima huko Uingereza, ambako daktari James Tanner na wenzake waliiweka kanuni hii katika chati zao za ukuaji mwaka 1970. Mantiki yake ni nyepesi. Ili kumlinganisha mama na mwanawe wa kiume, unamwongezea mama sentimita 13, yaani kimo ambacho pengine angekuwa nacho angezaliwa mwanamume, halafu unachukua wastani wake na baba. Kwa binti unafanya kinyume: unampunguzia baba. Katika jamii ambazo watu kwa jumla ni wafupi zaidi, pengo hilo huwa dogo pia, lakini hata likiwa 11 badala ya 13, jibu linasogea kwa sentimita moja tu. Kasoro kubwa ya kanuni haiko hapo.

Tuchukue baba mwenye sentimita 172 na mama mwenye 158. Jumla ni 330. Mtoto wa kiume: 343 gawanya kwa mbili, 171.5. Wa kike: 317 gawanya kwa mbili, 158.5. Wengi huishia hapo, wakaandika namba hiyo kana kwamba ni ahadi. Daktari anayejua kazi yake haishii hapo. Kwa mvulana anaongeza na kutoa takriban sentimita 10, kwa msichana takriban 8.5, na anachokisoma ni eneo lote lililo katikati. Mvulana wetu basi anatarajiwa kuwa popote kati ya 161.5 na 181.5. Wasimamishe watu wawili wa vimo hivyo bega kwa bega: macho ya yule mfupi yatakuwa usawa wa mabega ya mwenzake au juu yake kidogo, na wote wawili wangeweza kuwa watoto halali wa wazazi hao hao. Hata eneo hilo pana halimkamati kila mtu. Limewekwa liwabebe watoto 95 katika 100, kwa hiyo mtoto mmoja mzima kabisa katika kila 20 ataangukia nje yake.

Sasa jiulize kanuni imetupa nini hasa. Tuseme hujui lolote kuhusu wazazi, unajua tu kwamba wanaume wa jamii hiyo wana wastani wa sentimita 170. Katika jamii nyingi urefu wa wanaume hutawanyika kiasi kwamba 95 katika 100 wako ndani ya sentimita 14 hivi juu au chini ya wastani. Bila kumjua baba wala mama, ungeweza kusema mtoto huyo atakuwa kati ya 156 na 184, na mara nyingi ungepatia. Hilo ni eneo la sentimita 28. Ukiwapima wazazi wote wawili na kupiga hesabu, linapungua kuwa 20. Faida ipo, lakini ni hiyo tu.

Ajabu ni kwamba urefu ni kati ya sifa zinazorithiwa sana. Kwa watu waliokula vizuri utotoni, takriban asilimia 80 ya tofauti za urefu zinatokana na vinasaba. Mwaka 2022 watafiti waliochambua vinasaba vya watu milioni 5.4 walitangaza kupata sehemu zaidi ya 12,000 zinazohusika na urefu, kila moja ikichangia kidogo mno. Na siri iko humo humo. Mzazi hampi mtoto vinasaba vyake vyote. Anampa nusu, na nusu hiyo huchanganywa upya kwa kila mimba, kama karata zinazochanganywa kabla ya kugawiwa. Ndiyo maana karibu nusu ya tofauti zote za kurithi unazoziona katika jamii zinapatikana ndani ya nyumba moja, kati ya watoto wa baba mmoja na mama mmoja. Ndugu wawili wa kiume waliokula sahani moja hupishana, kwa wastani, sentimita tano au sita. Kanuni inawapa wote jibu moja, kwa sababu haijui nani amepewa karata zipi.

Kuna upogo mwingine, na huu una upande unaoegemea. Francis Galton aliugundua akichambua vimo vya watu wazima 928 kutoka familia 205 za Kiingereza, akachapisha matokeo mwaka 1886. Wazazi warefu sana walikuwa na watoto warefu, lakini si warefu kama wao; wafupi sana walikuwa na watoto wafupi, lakini si kwa kiasi chao. Kwa hesabu yake, mtoto alichukua takriban theluthi mbili tu ya kile ambacho wazazi wamezidi au wamepungukiwa na wastani. Kanuni ya Tanner inampa chote.

Turudi Uingereza tuone inavyotokea, tukichukua wastani wa 177 kwa wanaume na 164 kwa wanawake. Baba ana 190, amezidi kwa 13. Mama ana 175, amezidi kwa 11. Kwa wastani wamezidi kwa 12. Kanuni inasema mtoto wao wa kiume atakuwa na 177 na 12, yaani 189. Ukifuata theluthi mbili za Galton, anapata 8 badala ya 12, na makisio yanashuka hadi 185. Kwa wazazi walio chini ya wastani kwa kiasi hicho hicho, kanuni ingesema 165 na marekebisho yangesema 169. Sababu ni kwamba kimo kikubwa mno au kidogo mno kwa kawaida si vinasaba peke yake. Kina sehemu ya bahati, chakula na afya ya utotoni, na sehemu hiyo mzazi hawezi kuirithisha. Wazazi wa urefu wa kati hawana haja ya marekebisho haya. Wanaohitaji ni wale wa pembeni kabisa, na ndio hasa wanaokwenda kumuuliza daktari.

Kwa nini basi madaktari bado wanaitumia? Kwa sababu kazi yake kliniki si utabiri. Inatumika kuuliza kama njia anayoipita mtoto sasa hivi inaelekea kwenye eneo la familia yake. Chukua msichana wa miaka minane mwenye sentimita 117. Kwa chati za Shirika la Afya Duniani, wa katikati katika umri huo ana 126.6, na mstari unaotenganisha wafupi na wafupi mno uko karibu na 115. Huyu yuko juu ya mstari. Akitazamwa peke yake, muuguzi anamwandikia tarehe ya kurudi na kumruhusu. Lakini baba yake ana 180 na mama ana 168. Kanuni inatoa 167.5, na mpaka wa chini ni 159. Ukifuata mkondo wake kwenye chati hadi utu uzima, unaishia karibu na 152. Hapo ndipo daktari anakaa sawa kwenye kiti.

Hatampeleka maabara siku hiyo hiyo kwa sababu ya namba moja. Kwanza atawapima wazazi mwenyewe, maana urefu unaotajwa kwa mdomo mara nyingi umeongezwa, hasa wa akina baba. Baba akijizidishia sentimita nne, makisio yanapanda kwa mbili. Viatu vivuliwe, nywele zilizofungwa juu zifunguliwe, visigino na mgongo viguse ukuta, macho yatazame mbele, na kitu bapa kishushwe mpaka kiguse kichwa. Kisha ataangalia kasi. Mtoto wa umri huo, kabla ya kubalehe, huongezeka kwa kawaida sentimita tano au sita kwa mwaka. Akipimwa tena baada ya miezi 12 akawa ameongeza tatu tu, kuna jambo: huenda ni tezi ya shingoni, homoni ya ukuaji, ugonjwa wa tumbo usiojulikana, au kwa msichana, hitilafu ya kromosomu iitwayo Turner. Akiwa ameongeza sita, na picha ya eksirei ya kiganja cha kushoto ikaonyesha mifupa yake iko nyuma ya umri wake, huenda ni mchelewaji tu, na atakuja kukua wakati wenzake wameshasimama.

Hatari kubwa zaidi naiona upande wa pili, pale kanuni inapotuliza watu. Mtoto mfupi mwenye wazazi wafupi anapita bila swali: kafuata wazazi. Lakini mzazi mfupi mno anaweza naye kuwa na hitilafu ya kurithi ambayo haijawahi kuchunguzwa, na mtoto akaichukua pamoja na kimo.

Na katika nchi zetu kuna sababu iliyo ya kawaida kuliko zote. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, karibu nusu ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, yaani walikuwa wafupi mno kwa umri wao kwa sababu ya lishe duni na maradhi ya mara kwa mara. Watoto hao ndio wazazi wa leo. Kimo chao cha utu uzima kinaonyesha walichokula na walivyougua kabla ya miaka miwili au mitatu, pamoja na vinasaba vyao. Ukiingiza vimo hivyo kwenye kanuni, unaingiza njaa ya zamani kana kwamba ni urithi, na kanuni inakurudishia lengo la chini ambalo mtoto aliyedumaa atalifikia bila shida. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta udumavu umeshuka hadi asilimia 30 Tanzania. Kenya mwaka huo ulikuwa 18. Kwa mtoto wa namna hiyo, mstari wa kumpimia ni wa chati ya kadi yake ya kliniki, si wastani wa baba na mama.

Korea Kusini wameshaonyesha umbali ambao kizazi kinaweza kuwapita waliokitangulia. Wanawake waliozaliwa huko mwaka 1996 ni warefu kuliko waliozaliwa mwaka 1896 kwa takriban sentimita 20, na vinasaba vya taifa havibadiliki kiasi hicho katika miaka mia moja. Mama wa Kikorea wa vizazi vya katikati angeketi na kalamu apige hesabu ya binti yake, jibu lingekuwa chini karibu kila mara, naye binti angekuwa mzima wa afya.